Kurasa Hazikumaliza Mmeguko, Ziliuhamisha

"Kaka, chuoni tulifundishwa kwamba kurasa zimemaliza mmeguko wa nje. Sasa seva yangu ina zaidi ya MB 470 tupu, nimeomba kurasa kubwa 128 za MB 2 kwa ajili ya databesi, nimepewa 11. Nilidanganywa?"

Hukudanganywa, ila ulipewa nusu ya habari. Mmeguko wa kumbukumbu, au fragmentesheni kama wengi tunavyoiita kazini, ni RAM iliyo tupu lakini haitumiki, nao uko wa aina mbili, na ukiubana upande mmoja huchomoza upande wa pili.

Wa nje ni ule wa daladala. Jioni viti vinne viko wazi: kimoja nyuma ya dereva, viwili katikati lakini kila kimoja upande wake, kingine kule mwisho. Anapanda mama na watoto watatu, anataka wakae pamoja. Viti vipo, nafasi yake haipo. Wa ndani ni wa trei ya mayai. Ukiwa na mayai 31 unabeba trei mbili, na mashimo 29 ya trei ya pili yanasafiri matupu. Hakuna mwingine anayeweza kuyatumia, maana trei imeshakuwa yako.

Segmenti zinaugua ugonjwa wa daladala. Katika mpango huo programu hukatwa kwa maana yake: msimbo kivyake, data kivyake, staki kivyake, na kila kipande kina urefu wake halisi. Kuhusu mahali ilipo kila segmenti, prosesa hukumbuka mambo mawili tu, inapoanzia na inapoishia. Chukua mashine yenye KB 900 za kugawa, na segmenti nne zimepangwa mfululizo: A ya KB 300, B ya 200, C ya 240, D ya 160. Zimejaa pomoni, hakuna hata baiti moja iliyopotea. Kisha B na D zinamaliza kazi na kuondoka. Sasa kuna KB 360 tupu, ila ni shimo la 200 na shimo la 160, na C imekaa katikati yao. Inakuja E ya KB 301. Haiingii.

Dawa ipo, na si ya kubeza: isogeze C ikapakane na A, mashimo mawili yaungane. Kwa kuwa programu haijui anwani halisi, ikishanakiliwa unabadilisha namba moja tu kwenye jedwali, ile ya mwanzo wa segmenti. Lakini umenakili KB 240 ili kumkaribisha mgeni mmoja, na wakati unanakili C haiwezi kuachwa ikiandika. Mashine yenye mamia ya segmenti zinazokuja na kwenda ingeshinda ikihamisha vyombo badala ya kufanya kazi. Ukiamua kutohamisha, mashimo yanazaliana. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alionyesha kwamba mfumo ukishatulia, kwa kila vipande viwili vinavyotumika hupatikana kwa wastani kama shimo moja. Na ile busara ya kumpa kila mwombaji shimo linalomkaribia zaidi kwa ukubwa, ambayo kwa mtazamo wa kwanza ni nzuri, huacha visehemu vyembamba visivyomfaa mtu.

Weka kurasa mahali hapo hapo. Programu hukatwa vipande vya KB 4 kila kimoja, ndizo kurasa, na kumbukumbu yote imekatwa fremu za ukubwa huo huo. Shimo la KB 200 ni fremu 50, la 160 ni fremu 40. E inahitaji KB 301, yaani kurasa 76, na zinatawanywa popote penye fremu tupu. Mama na watoto wamekubali kukaa mbalimbali, na konda ana orodha ya nani yuko wapi. Orodha hiyo ndiyo jedwali la kurasa. C haikuguswa. Hasara ni kwamba kurasa 76 ni KB 304, hivyo ukurasa wa mwisho umebeba KB 1 na KB 3 zimelala.

Watu wengi hufunga mjadala hapa: KB 3 dhidi ya kukataliwa kabisa, nani abishane? Mimi nakubaliana na hukumu, lakini sababu inayotolewa mara nyingi siyo. Kurasa hazikushinda kwa kupoteza kidogo. Zilishinda kwa kupoteza kiasi kinachojulikana. Kila eneo la kumbukumbu hupoteza chini ya ukurasa mmoja, kwa wastani kama nusu yake, leo na baada ya mwaka mzima bila kuzimwa. Mmeguko wa nje hauna dari ya namna hiyo. Unategemea nani aliingia lini na nani ametoka kabla ya nani, kwa hiyo mashine iliyopita majaribio Jumatatu inaweza kukataa kazi ile ile Ijumaa.

Hata hivyo, "chini ya ukurasa mmoja" si neno la kupuuza, maana inategemea ukurasa ni mkubwa kiasi gani na maeneo ni mangapi. Programu ya leo haina eneo moja. Fungua `/proc/self/maps` kwenye Linux uone: kila maktaba ina maeneo kadhaa, kila uzi una staki yake. Tuseme programu moja ina maeneo 120. Kwa kurasa za KB 4, nusu ukurasa mara 120 ni KB 240. Zikiwa programu 300, ni kama MB 70 hivi. Sasa panua ukurasa uwe KB 64, kama prosesa za ARM zinavyoruhusu: hesabu ile ile inafika karibu GB 1.1. Kiuhalisia itapungua, kwa sababu programu hushirikiana kurasa za maktaba, lakini mwelekeo ni huo. Red Hat walitumia kurasa za KB 64 kwenye ARM katika toleo la 8 la mfumo wao wa Linux, wakarudi KB 4 katika toleo la 9. Mashine ndogo zilikuwa zinaumia.

Kwa nini basi mtu apanue ukurasa? Kwa sababu orodha ya konda nayo ina gharama. GB 1 kwa kurasa za KB 4 ni safu 262,144 kwenye jedwali. Kwa kurasa za MB 2 ni 512 tu. Prosesa huweka safu chache za karibuni kwenye akiba yake ndogo, TLB, na isipoikuta anwani humo inalazimika kwenda kupekua jedwali. Databesi inayorukaruka ndani ya GB kadhaa hulipa gharama hiyo mfululizo. Hapo ndipo segmenti zilipokuwa na raha yao: safu moja kwa kipande kizima, kiwe KB 10 au MB 100. Hilo ni kosa la kweli la kurasa, na kurasa kubwa ni jaribio la kurudisha raha hiyo bila kurudi kwenye segmenti.

Na ndipo seva yako inapoingia. Uliniletea mstari huu:

```
$ cat /proc/buddyinfo
Node 0, zone Normal 48210 20950 6120 702 41 3 0 0 0 0 0
```

Usome kutoka kushoto. Namba ya kwanza ni fremu tupu za peke yake, KB 4 kila moja. Ya pili ni jozi zinazoshikana, KB 8. Ya tatu ni nne nne, na kila hatua ukubwa huongezeka mara mbili. Ukijumlisha zote unapata fremu 120,958, yaani karibu MB 472. Ndiyo MB 470 zako, hazijaibiwa. Lakini tazama mstari unapokatikia. Kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki ni fremu 32 zilizoshikana, KB 128. Ukurasa wa MB 2 unataka fremu 512 zilizofuatana bila mwanya, na safu ya ukubwa huo ni ya kumi, ambako kuna sifuri. Mama wa daladala amerudi, safari hii na watoto 511.

Kurasa zilimaliza mmeguko wa nje kwa yule tu anayekubali kutawanywa. Programu ya kawaida inakubali kwa sababu jedwali linaficha mtawanyiko wake. Kurasa kubwa hazikubali, wala vifaa vinavyosoma kumbukumbu moja kwa moja bila jedwali lao wenyewe.

Utauliza kwa nini kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, isisogeze vitu, kama tulivyosogeza C. Inasogeza. Linux ina kazi hiyo tangu toleo 2.6.35 la mwaka 2010, na unaweza kuiamuru mwenyewe:

```
# echo 1 > /proc/sys/vm/compact_memory
```

Kurasa za programu zinahamishika vizuri: nakili, badilisha safu ya jedwali, maliza. Kurasa za kerneli yenyewe ndizo kisiki. Nyingi hutumiwa kupitia ramani ya moja kwa moja, ambamo anwani ya kerneli ni anwani halisi ya RAM ikiwa imeongezwa namba isiyobadilika. Pointa zimesambaa ndani ya kerneli na hakuna safu moja ya kurekebisha. Ukurasa mmoja wa namna hiyo ukikaa katikati ya fremu 512, eneo lote la MB 2 limekwama. Kerneli hujitahidi kuwatenga wahamishikao na wasiohamishika tangu mwanzo, lakini ikibanwa huchukua palipo wazi, na `/proc/pagetypeinfo` itakuonyesha wamechanganyika kiasi gani.

Kwa hiyo segmenti zilistahili kufa? Kama njia ya kugawa RAM, ndiyo, na sijutii. Intel 80286 ya 1982 ilikuwa na segmenti peke yake, za hadi KB 64. 80386 ya 1985 ikaweka kurasa za KB 4 chini ya segmenti, na x86-64 ikaziacha segmenti karibu zote, ikabakiza kazi ndogo ya rejista za segmenti FS na GS. Lakini kilichokufa ni upangaji wa RAM. Wazo la kukata programu kwa maana yake halikufa: yale maeneo ya `maps`, kila moja na ruhusa zake za kusoma, kuandika au kutekeleza, ni segmenti zilizovaa nguo nyingine, zikatandazwa juu ya kurasa. Multics, mfumo wa uendeshaji wa miaka ya 1960, ilifanya ndoa hiyo mapema, na mahari yake ni nusu ukurasa kwa kila segmenti.

Kwa seva yako, usipigane na buddyinfo saa hizi. Weka `hugepages=128` kwenye mstari wa kuwashia kerneli, uiwashe upya, utazipata zote kabla RAM haijameguka. Ila ujue unachonunua. MB 256 hizo zinatengwa, na programu ya kawaida haitaweza kuzigusa hata ikifa njaa. Databesi ikitumia MB 212, kurasa za 107 hadi 128 zitalala, MB 44 za mashimo ya trei. Pima matumizi yake kwa wiki moja kwanza, kwa `HugePages_Free` ndani ya `/proc/meminfo`, ndipo upunguze ile 128.