Mzee mwenye dimenshia hatulii: dawa ya kumlaza au chanzo kwanza?

"Shikamoo sista. Baba ana dimenshia, mwaka wa tatu sasa. Tangu Jumapili halali, anatukana, na jana amempiga mdogo wangu. Dukani wametushauri tumpe valiamu. Tumpe?"

Marahaba. Hapana, msimpe, kwanza apimwe, na iwe leo. Kilichonishtua katika maelezo yako ni hiyo "tangu Jumapili". Dimenshia humla mtu polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika ndani ya siku chache, mara nyingi kuna jambo jipya mwilini: maumivu, maambukizi, choo kigumu, mkojo kuziba, sukari kushuka, au dawa aliyoanza karibuni. Yeye hawezi tena kusema "hapa panauma", kwa hiyo anasukuma, anapiga, anavua nguo.

Niliwahi kumhudumia mzee wa miaka 81 aliyeletwa na binti yake akiwa hivyo hivyo. Siku tano alikuwa anazunguka usiku kucha, akivuta suruali yake na kumpiga anayemgusa. Alianza na mafua, wakampa piritoni. Walipoona inampa usingizi wakaongeza kidonge cha pili, na usiku uliofuata akawa mkali zaidi. Nilipouliza habari ya haja ndogo, binti alisema, "Anajikojolea tu, sista, kidogo kidogo kutwa nzima." Nikaweka kiganja chini ya kitovu. Palikuwa pamevimba, pagumu, na nilipobonyeza kidogo alinishika mkono kwa nguvu. Tulimwekea mpira wa mkojo, zikatoka mililita 900. Jioni ile alikula uji na kulala bila kidonge chochote.

Kule kujikojolea ndiko kulikowapoteza. Kibofu kikijaa kupita kiasi huvuja matone, na nyumbani wanadhani ni dimenshia imezidi. Piritoni, kama dawa nyingi za zamani za mafua na mzio, hulegeza misuli ya kibofu, na kwa mwanaume mwenye tezi dume iliyokua mkojo unaweza kukwama kabisa. Dawa hizo hizo hukausha kinywa, hufunga choo na kuvuruga fahamu za mzee. Basi kila kidonge cha kumtuliza kilikuwa kinamwongezea sababu ya kutotulia.

Maumivu nayo hujificha vivyo hivyo. Nchini Norwei, mwaka 2011, ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 352 wa dimenshia waliokuwa wakisumbuka katika nyumba za wazee. Nusu yao walipangiwa dawa za maumivu kwa hatua, wengi wao parasetamo tu, na baada ya wiki 8 fujo zao zilipungua kwa asilimia 17 kulinganisha na wenzao. Mwangalieni baba anapogeuzwa kitandani au anapotafuna. Akikunja uso wakati huo huo kila mara, hapo ndipo pa kuanzia.

Hata hivyo sitasema dawa za kutuliza hazina kazi. Nimeona mama aliyeamini kila usiku kwamba wezi wameingia, akamfuata mjukuu na panga. Vipimo havikuonyesha kitu, na maneno ya upole hayakumfikia. Huyo alihitaji dawa, na binti anayemtunza, ambaye hajalala wiki tatu, asilaumiwe kwa kuiomba. Ila hata hapo si valiamu: kwa mzee huleta kuanguka, na wengine huwazidishia kuchanganyikiwa. Daktari anaweza kuchagua risperidoni kwa kiasi kidogo sana, kama robo miligramu, kisha apande taratibu.

Na bei yake ijulikane. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya kundi la dawa ambamo risperidoni imo, kwa wazee wenye dimenshia: katika majaribio ya takriban wiki 10, walifariki kama wagonjwa 45 kati ya kila 1,000 waliopewa dawa, dhidi ya 26 waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2008 onyo likafika hadi dawa za zamani kama haloperidoli. Ikiwa baba huona watu wasiokuwepo na pia hutembea kwa kukakamaa, mwambieni daktari kabla ya chochote, kwa sababu mwenye aina hiyo ya dimenshia haloperidoli inaweza kumgandisha vibaya.

Kwa hiyo mpelekeni hospitali mkiwa na mfuko wa dawa zote anazomeza, za dukani na za miti shamba pia. Mseme lini amepata choo na lini amekojoa vizuri. Mwombe aguswe tumbo, apimwe joto, oksijeni, sukari na mkojo. Akiandikiwa dawa ya kutuliza, ulizeni tarehe ya kurudi kuipunguza au kuiacha, na iandikwe kwenye daftari lake; Uingereza risperidoni kwa hali hii imeidhinishwa kwa wiki 6 tu. Akianza kusinzia mchana, kupaliwa na chakula au kukakamaa, rudini siku hiyo hiyo.