Barua ya Maombi Haijawahi Kutuonyesha Nani Anajua Kuandika

Mwezi Februari alikuja ofisini kwetu, hapa Mbeya, binti mmoja akitokea Tukuyu, akiwa na daftari la kaunta alilolificha ndani ya sweta ili lisilowe mvua. Aliniamkia, nikaitikia, kisha akasema maneno ambayo sijaweza kuyasahau: "Baba, sikuja kulalamika. Naomba tu kujua barua yangu ilikosea wapi, ili siku nyingine nisirudie."

Barua yake haikuwa imekosea popote. Ilikuwa miongoni mwa barua 23, kati ya 96 tulizopokea kwa nafasi moja ya afisa kumbukumbu na taarifa, ambazo mwenzangu katika kamati ya usaili alizitenga kwa madai kwamba zimeandikwa na akili mnemba. Alizipitisha moja moja kwenye programu ya mtandaoni inayodai kutambua maandishi ya namna hiyo, na kila iliyopewa zaidi ya asilimia 70 akaiweka kando. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Nilisaini orodha ya walioitwa bila kuuliza zile 23 zilitengwa kwa kipimo gani, na kwa sababu hiyo lawama ninayoiandika hapa ni yangu pia.

Alinifungulia lile daftari. Barua yetu ilitakiwa iwe ya Kiingereza, naye alikuwa ameanza kwa kuandika mawazo yake yote kwa Kiswahili, kisha akayageuza sentensi baada ya sentensi katika kurasa nne zilizojaa mikato. Neno "kumbukumbu" lilikuwa limezungushiwa duara, na pembeni yake palikuwa na maneno matatu ya Kiingereza, mawili yamekatwa na la tatu limepigiwa mstari. Alipomaliza aliipeleka steshenari, Mwanjelwa, ikachapwa. Nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa, na sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwomba radhi.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kuelewa programu hizi hufanya nini hasa. Kwa sehemu kubwa hupima jinsi maneno yanavyotabirika: kama baada ya maneno fulani linafuata lile ambalo kila mtu angelitarajia, na kama sentensi zinafanana urefu na mpangilio, maandishi huhesabiwa kuwa ya mashine. Sasa fikirini ni nani anayeandika Kiingereza kinachotabirika. Ni yule aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza cha kufundishiwa alipoingia kidato cha kwanza, akakariri mifano ya barua rasmi kwa sababu ndiyo iliyomfaulisha mtihani, na hathubutu kutumia neno asilokuwa na hakika nalo. Uangalifu wake wenyewe ndio unaomponza. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za watu waliofanya mtihani wa Kiingereza cha wageni, na kwa wastani zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo, zilizoandikwa na watu, zilitajwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote bila shida.

Kampuni ya OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, nayo ilitoa programu yake ya utambuzi mwezi Januari 2023, ikaiondoa mwezi Julai mwaka huohuo kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Kwa vipimo vya kampuni yenyewe, ilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na iliyasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Wekeni takwimu hizo kwenye meza ya kamati. Tuseme zimekuja barua 140, na 100 kati yake zimeandikwa na waombaji wenyewe. Programu itakamata kama 10 kati ya zile 40 za mashine, na itawasingizia watu 9 wasio na hatia. Katika rundo la barua 19 zilizotengwa, karibu nusu ni za watu walioandika kwa mikono yao, na hakuna hata mmoja atakayeambiwa.

Nakubali kwamba mwenzangu hakuanza kushuku bila sababu. Barua moja ilikuwa na maneno "[andika jina la taasisi hapa]" katikati ya aya ya pili. Nyingine ilijitapa kwa uzoefu wa miaka minne wakati wasifu ulionyesha mwombaji alihitimu mwaka jana. Barua hizo zilistahili kukataliwa, lakini zilistahili kwa uzembe na kwa uongo, mambo mawili yanayoonekana kwa macho na yanayoweza kuthibitishwa kwa kuusoma wasifu au kumpigia simu mdhamini. Hapakuhitajika kujua nani au nini kiliziandika.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba tunalilia kipimo ambacho hatukuwahi kuwa nacho. Kabla ya akili mnemba kuja, barua ya maombi iliandikwa na nani? Nenda Kabwe au Soko Matola, uingie steshenari yoyote, utamkuta kijana mwenye faili moja kwenye kompyuta linaloanza kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ambaye kazi yake ni kubadilisha jina, umri na anwani. Wengine waliandikiwa na kaka aliyeko chuoni, na wengine na mwalimu wa mtaani kwao. Sote tuliopokea barua hizo tulilijua hilo, na bado tuliandika kwenye fomu zetu kwamba mwombaji "ana uwezo mzuri wa kuandika". Ikiwa kweli tunataka kujua kama mtu anaweza kuandika, inabidi tumpe kazi ya kuandika, tumpe muda, kisha tukae naye tuzungumze juu ya alichoandika.

Hivyo ndivyo tulivyofanya mwezi Aprili, tulipotafuta mratibu msaidizi wa vikundi vya wakulima wa viazi. Zilikuja barua 61. Tulitazama sifa zilizotajwa kwenye tangazo pekee, yaani ngazi ya elimu, uzoefu wa kufanya kazi na vikundi na leseni ya pikipiki, tukapata watu 14. Tuliwaita wote siku moja, tukawapa kalamu, karatasi na dakika 50.

Zoezi lilikuwa ukurasa mmoja wa vidokezo vya ziara ya kituo cha kukusanyia viazi, Umalila, vilivyoandikwa ovyo kama vinavyokuwa kwenye kijitabu cha mtu aliyesimama kwenye matope: mambo yamechanganyika, jingine limerudiwa, na malalamiko ya mkulima mmoja yamewekwa katikati ya hesabu. Kutokana na vidokezo hivyo kila mwombaji alitakiwa kuandika maandishi mawili. La kwanza lilikuwa taarifa ya nusu ukurasa kwa meneja, ikisema nini kimetokea na nini kinahitaji uamuzi wake. La pili lilikuwa tangazo fupi kwa wakulima, la kubandikwa kituoni, kwamba kuanzia Jumatatu lumbesa haitapokelewa na kila gunia litapimwa kwa mizani. Habari ni ileile, lakini wasomaji ni wawili tofauti, na hapo ndipo uwezo wa kuandika unapojitokeza. Mtu anayejua kuandika hatamweleza mkulima kwa lugha ya taarifa ya ofisi, wala hatamfikishia meneja hasira ya mkulima bila kumwambia chanzo chake.

Tuliweka pia kosa moja kwa makusudi. Vidokezo vilisema yamepokelewa magunia 64 kutoka vikundi vitatu, kisha vikataja 18, 21 na 15, ambayo jumla yake ni 54. Watu wanane waliandika 64 na kuendelea. Wawili waliandika 54 kimyakimya. Wanne walimwambia meneja wazi kwamba hesabu mbili hazipatani na kwamba daftari la kituo likaguliwe kabla ya malipo. Mmoja wa hao wanne alikuwa na sarufi dhaifu kuliko wengi chumbani, na kama tungehukumu kwa barua asingefika popote.

Usahihishaji nao ulihitaji uangalifu kuliko nilivyodhani. Mwandiko mzuri humvutia msahihishaji bila yeye kujua, kwa hiyo tulimwomba karani achape karatasi zote kama zilivyo, pamoja na makosa yake, na kuweka namba badala ya majina. Ilichukua siku nzima. Tulikubaliana mapema juu ya alama 30: 12 za usahihi wa habari, 10 za mpangilio na kumfaa msomaji, 8 za lugha. Wasahihishaji wawili walifanya kazi kila mmoja peke yake, na pale tulipotofautiana kwa zaidi ya alama tano tulikaa na kueleza sababu. Ilitokea kwa karatasi tatu. Kwa mbili kati yake ilionekana kwamba mmoja wetu alikuwa ameadhibu tahajia mara mbili, mara moja kwenye lugha na mara nyingine kwenye mpangilio.

Waliofanya vizuri sita tuliwarudisha kwa mazungumzo ya robo saa, kila mmoja akiwa na karatasi yake mkononi. Tuliwauliza kwa nini walianza na jambo fulani, kisha tukawaomba wafupishe aya moja papo hapo iwe sentensi mbili. Aliyeandika akijua anachofanya huona mara moja cha kuacha. Mwingine hubaki akikata neno hapa na neno pale, na aya inabaki ndefu vilevile.

Najua wapo watakaosema kwamba kazini atatumia akili mnemba, basi kwa nini tumnyime kwenye usaili. Huenda ataitumia. Lakini asiyeona kwamba 18, 21 na 15 hazifiki 64 hataliona kosa hilo likiandikwa na mashine pia. Na wanaosema usaili wa kuandika ni mzigo kwa taasisi ndogo wakumbuke kwamba Sekretarieti ya Ajira huwapa waombaji wengi kuliko wetu usaili wa mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano.

Zoezi letu lina upungufu wake. Dakika 50 humwonea mtu anayefikiri polepole, na tumekubaliana kuzifanya 75. Zoezi lisiwe kazi halisi ya ofisi ambayo tutaitumia bila kumlipa aliyeifanya. Na lipo la tatu, ambalo nililijua nilipompigia simu binti wa Tukuyu kumwambia kuhusu nafasi ya Aprili. Aliniambia amepata kazi ya kujitolea Makambako, na kwamba nauli ya kuja Mbeya na kurudi, kwa ajili ya usaili ambao huenda usimpe kitu, hana.

Tangazo letu lijalo linabandikwa wiki hii. Halidai barua ya ukurasa mzima, bali wasifu na majibu ya maswali matatu mafupi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Chini yake imeandikwa kwamba watakaoitwa watafanya zoezi la kuandika kwa kalamu, kwamba kila mmoja ataelezwa alama zake akiuliza, na kwamba watokao nje ya Mbeya mjini watarudishiwa nauli kwa kuonyesha tiketi. Sentensi hiyo ya nauli iliandikwa na yule mwenzangu aliyetenga zile barua 23.