Tipu Isiwe Mshahara: Hesabu ya Weita wa Kisumu

Ukienda kuomba kazi ya weita katika hoteli nyingi za kawaida hapa Kisumu, meneja atakutajia mshahara kisha ataupamba: "Ni elfu kumi na moja, lakini ukijituma, pamoja na tipu hukosi kumi na nane kwa mwezi." Simuiti mwongo. Nimefanya kazi hii miaka mingi na ninajua hiyo kumi na nane hupatikana. Ninachopinga ni namna inavyopatikana, na nani hasa anailipa.

Tuanze na anachodaiwa mwajiri. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 inamtaja weita katika kundi moja na mpishi, na kwa jiji kama Kisumu kima cha chini ni shilingi 17,400 na kitu kidogo kwa mwezi. Hapo nyumba bado. Mwajiri asiyekupa mahali pa kulala anatakiwa kuongeza asilimia 15 ya kima hicho, yaani shilingi 2,610. Jumla inakuwa 20,010. Sioni kifungu kinachomruhusu bosi kuchukua hela alizoacha mteja mezani akazihesabu kuwa sehemu ya pesa hizo. Anayelipa elfu kumi na moja ana upungufu wa 9,010 kila mwezi, na kwa mwaka ni 108,120.

Sasa tazama tipu yenyewe. Mwenzangu mmoja huandika kila anachopata kwenye daftari dogo analoweka mfuko wa aproni, na alinionyesha mwezi mmoja uliokuwa mzuri. Alifanya kazi siku 26. Jumatatu hadi Alhamisi, wateja wakiwa wa chai na mandazi asubuhi na ugali wa haraka mchana, alikuwa akipata wastani wa shilingi mia moja kwa siku, nyingine hata hamsini. Siku hizo 13 zilimpa kama 1,300. Ijumaa hadi Jumapili, watu wakija na familia kula samaki na jioni wakikaa kutazama mpira, zilimpa 5,700. Hizo ni baada ya kutoa fungu la watu wa jikoni na wa kaunta. Jumla 7,000, ukiweka juu ya mshahara unapata 18,000 kamili. Meneja alisema kweli.

Lakini mwezi wa Januari daftari hilohilo lina 3,000 tu. Watu wamerudi kutoka ushago bila kitu, wanalipa karo, wanaagiza chai bila kitafunio. Jumla yake ikawa 14,000, na ni mwezi huohuo yeye pia alikuwa na karo ya kulipa. Mwenye nyumba hakumpunguzia kodi kwa sababu wateja hawakuacha kitu.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, hata sisi wenyewe. Chukua ile 20,010 ya kisheria. Toa asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya SHIF na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Kodi ya mapato haikuhusu kwa sababu hujafika 24,000. Mkononi unabaki na kama 17,960. Na mwenzangu, anayelipwa taslimu bila hati ya malipo na bila makato yoyote, alitoka na 18,000. Zinalingana karibu shilingi kwa shilingi! Hapo ndipo bosi anapouliza, sasa unalalamikia nini?

Tunalalamikia vitu ambavyo haviko mkononi. Mwenye 17,960 ana shilingi 2,400 zinazoingia NSSF kila mwezi, nusu yake kutoka kwake na nusu kutoka kwa mwajiri, na michango yake ya SHIF iko sawa siku mtoto akilazwa. Mwenye 18,000 hana hata moja ya hizo. Tena tipu ilipaswa kuja juu ya mshahara halali. Mwenzangu angetoka na karibu 25,000 mwezi ule. Zile elfu saba mteja alidhani anamzawadia weita, kumbe alikuwa anaziba pengo la bosi.

Pengo hilo huonekana zaidi mtu asipokuwa kazini. Sheria inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 kwa mwaka, na mama aliyejifungua miezi mitatu kwa mshahara kamili. Kamili ya nini? Hata kwa bosi anayeheshimu likizo, itakuwa kamili ya elfu kumi na moja, kwa sababu hakuna mteja anayemwachia tipu weita aliye nyumbani na mtoto mchanga. Ndiyo maana nimewaona wenzangu wakibeba trei na malaria mwilini, hasa ikiwa ni Jumamosi. Kwao kukosa Jumamosi moja ni kukosa tipu ya siku nne za katikati ya wiki.

Na anayepanga Jumamosi ni meneja. Ukigombana naye, hahitaji kukugusa mshahara. Anakuhamishia zamu ya asubuhi au meza za nyuma karibu na mlango wa jikoni, na mwezi ukiisha umepoteza elfu tatu bila barua wala onyo.

M-Pesa nayo imeleta lake. Zamani mteja alilipa noti, chenji ikarudi kwenye kisahani, akaiacha. Leo analipa kwa nambari ya hoteli, anaongeza hamsini na kuniambia, "Dada, hiyo ya juu ni yako." Ananiambia kwa moyo safi, lakini hamsini ile imeingia kwenye akaunti ya bosi, na kuidai jioni ni kuanzisha vita. Mteja mpendwa, lipa bili kwa nambari ya hoteli na tipu uitume kwa simu ya weita. Kutuma shilingi 100 kushuka chini hukatwi ada.

Najua wenye hoteli watasema biashara ni ngumu. Samaki amepanda bei, mafuta ya kupikia hayashikiki. Nawaelewa, lakini tupige hesabu. Weita anayehudumia wateja 40 kwa siku amehudumia 1,040 kwa siku 26. Pengo la mshahara, mchango wa mwajiri wa NSSF na ule wa nyumba, vyote kwa pamoja, ni kama 10,510. Gawa, unapata shilingi kumi kwa kila mteja. Siamini kwamba sahani ya samaki ikipanda kwa shilingi kumi hoteli itafungwa. Naamini ni rahisi tu kuniachia mimi niombe hizo kumi kwa tabasamu.

Kwa weita mwenzangu: hata kama ulitia sahihi mkataba wa elfu kumi na moja, mkataba ulio chini ya kima cha chini haumkingi mwajiri, kwa kuwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 inaweka kima halali mahali pake. Madai yana muda wa miaka mitatu, kwa hiyo anayengoja sana hupoteza miezi ya mwanzo. Andika daftari lenye safu mbili, mshahara upande huu na tipu upande ule, pamoja na tarehe na zamu. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa kama unalipwa kwa simu, na picha ya ratiba ya zamu ukutani kama unalipwa taslimu. Ukifika kwa afisa wa kazi au kwa chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, swali la kwanza litakuwa ulilipwa kiasi gani, na safu ya tipu usiijumlishe katika jibu lako.