Mzee na petroli ya mia nne kwa lita

Wacha niwaambie vile nilikaribia kufutwa kazi juu ya kidole gumba.

Mwaka wa 2024 Mzee wetu wa ofisi, hapa Ngara, alienda Teksas kutafuta wateja, akakodisha gari huko, akarudi. Risiti hakuleta. Alikaa nazo mpaka Mei ndio akanitumia picha kwa wotsap, zote kwa mpigo, zingine zimepigwa zikiwa juu ya goti, na kila picha lazima gumba lake liwe ndani kama muhuri. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza ziwe shilingi, nipeleke kwa Madam wa hesabu ndio Mzee arudishiwe pesa yake.

Risiti ya kwanza ni ya petroli. Tarehe 02/04/2024. Halafu 11.482, na hapo penye jina la kipimo gumba limekalia. Chini, $37.88. Mimi nani asijue petroli, nikaandika lita 11.482, nikaweka dola kwa 131 maana mwanzo wa Aprili ilikuwa imeshuka hapo hapo, nikapata 4,962. Nikagawanya. Mia nne thelathini na mbili kwa lita! Na wakati huo Nairobi tulikuwa tunalia na mia mbili.

Hapo si ningenyamaza? Nikaangalia tena tarehe nikakumbuka tarehe 2 Aprili ilikuwa siku moja baada ya Jumatatu ya Pasaka, na Mzee alikuwa hapa ofisini ananigombeza juu ya stapla. Sasa mtu aliye Ngara anaweka aje petroli Teksas? Nikamwandikia Madam, "Madam, naona Mzee ameokota risiti za watu." Nikabonyeza tuma. Ikaenda kwa grupu ya ofisi. Mzee yuko kwa hiyo grupu. Tiki mbili za bluu.

Nikifuta, itaandika nimefuta, na ameshasoma. Nikaendelea tu na risiti zingine nikitetemeka, na ya tatu ikaniambia 02/13/2024. Nikacheka peke yangu, ati hata mashine yao ni mbovu, mwezi wa kumi na tatu ni wa wapi? Halafu kicheko kikakatika katikati. Wamarekani wanatanguliza mwezi! Kumi na tatu ni siku. Kwa hiyo ile ya petroli ni tarehe 4 Februari, Mzee akiwa kule kabisa. Tarehe ya wotsap haingenisaidia kitu, hiyo inaonyesha siku picha ilitumwa, si siku gari liliwekwa mafuta.

Nikaomba Madam anipigie Mzee, mimi sauti sina. Akamwambia apige picha upya bila gumba. Ikaja: GALLONS. Galoni ya Marekani ni lita 3.785 (ya Mwingereza ni kubwa, 4.546, usizichanganye utaharibu tena), kwa hivyo 11.482 mara 3.785 ni lita 43.46. Tangi la watu, si chupa. Na dola Februari mwanzoni ilikuwa karibu 160, shilingi haikuwa imeamka bado, sasa 37.88 mara 160 ni 6,061. Lita moja inakuja kama 139. Yaani Mzee alinunua bei rahisi kuliko sisi, na mimi nilikuwa nimempunja shilingi 1,099 juu ya kumwita mwizi.

Madam akakataa kupokea eksel yangu ya zamani. Akasema, "Mwanangu, mimi sitaki kukisia. Andika vile risiti inasema, halafu kando vile inamaanisha." Tukaishia na mstari huu:

```
4 Februari 2024 (risiti: 02/04/2024)
Petroli, galoni 11.482 za Marekani = lita 43.46
USD 37.88 x 160 = KES 6,061
```

Mwezi kwa maneno, na USD badala ya ile alama ya dola, maana Kanada na Australia pia wanaitumia hiyo hiyo. Rate nayo imeandikwa, mtu akiuliza 6,061 imetoka wapi anapiga mwenyewe kwa kalkuleta.

Mzee hakusema kitu wiki nzima, na hiyo kimya yake ni mbaya kuliko kelele. Tarehe 20 Mei nikaingia kwake polepole kuulizia fomu yangu ya likizo, ile nilijaza mapema, siku tano kuanzia 05/06/2024, maana tarehe 5 Juni nilikuwa naenda Kakamega harusini.

Akavaa miwani. Akaishika fomu mbali, akaileta karibu.

"Hii niliidhinisha kitambo. Tarehe 6 Mei mpaka 10. Kwani mbona wiki hiyo yote ulikuwa unakuja kazi?"