Kuonyeshwa Mpaka na Kuhamishiwa Mpaka

Kila mzozo wa umiliki wa mji wa Mackinnon Road na ushuru wake unapofufuka baina ya kaunti za Kwale na Taita Taveta, hawakosi watu wanaoitaka IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ije ichore mpaka upya. Naona wanabisha hodi nyumba siyo. Kifungu cha 89 cha Katiba ya Kenya kinaipa IEBC kazi ya kupitia mipaka ya maeneo bunge na wadi, na hapo ndipo mamlaka yake juu ya mipaka yanapokoma. Mpaka wa kaunti unatawaliwa na Kifungu cha 188.

Kifungu hicho kina milango miwili, na wa kwanza ni tume huru inayoundwa na Bunge kwa kazi hiyo mahususi. Tume hiyo hupima idadi ya watu, miundombinu, historia na utamaduni, gharama za utawala, sura ya nchi na maoni ya jamii zinazoguswa, kisha hutoa pendekezo. Bila pendekezo lake hakuna hoja ya kupigiwa kura. Mlango wa pili ni Bunge lenyewe: thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349, na thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti, yaani 32 kati ya 47. Mbunge asiyefika ukumbini huhesabika sawa na aliyekataa, na katika Seneti kaunti mbili zinazogombana zina kura mbili tu, hivyo hatima yao imo mikononi mwa majirani wasiolipa wala kupokea ushuru wa Mackinnon Road.

Lakini Taita Taveta haisemi kwamba inataka kuongezewa ardhi. Inasema mji huo ni wake tangu awali na kwamba Kwale inautoza ushuru kimakosa. Hilo ni swali la mpaka ulipo, wala si la mpaka uhamie wapi. Jedwali la Kwanza la Katiba halisaidii, kwa kuwa limeorodhesha majina 47 ya kaunti bila kuchora hata mstari mmoja, kwa hiyo mtu hulazimika kurudi kwenye sheria ya wilaya na mikoa ya 1992, ambayo wilaya zake ndizo zilizogeuka kaunti, pamoja na ramani zake. Msafiri anayepita hapo kwa barabara kuu ya Mombasa ataona msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah kando ya reli. Hata huyo mtakatifu, nadhani, asingejua alale upande gani.

Kwa maoni yangu, wapima ardhi watangulie, waisome ramani hadharani mbele ya wazee wa pande zote mbili na kusimika vigingi. Mstari ukiangukia upande wa Taita Taveta, hakuna mpaka uliobadilishwa, na thuluthi mbili haihitajiki. Ukiangukia upande wa Kwale, na Taita Taveta bado ikautaka mji huo, hapo ndipo iende kuomba tume.