"Kizazi kikubwa" si jina la ugonjwa

Kuna sentensi kwenye majibu ya ultrasaundi ambayo nimeichoka: kizazi ni kikubwa kuliko kawaida, hakuna uvimbe ulioonekana. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu anapokea karatasi, anaisoma mara mbili, anarudi nyumbani na maumivu yake yaleyale. Ataambiwa ni umri. Ataambiwa ni chango, au PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi, imerudi, na ataandikiwa antibiotiki nyingine. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya wanawake, na maoni yangu ni kwamba karatasi hiyo imetaja dalili tu. Ugonjwa bado haujatajwa, na mara nyingi kwa wanawake wa umri huu ni adenomiosisi.

Kizazi kina utando wa ndani, ule unaonenepa kila mwezi kisha ukatoka kama hedhi. Nje ya utando huo kuna ukuta mnene wa msuli, ndio unaosukuma mtoto wakati wa uchungu. Kwenye adenomiosisi, vipande vya utando vinakutwa ndani ya msuli wenyewe. Huko navyo vinaitikia homoni ya estrojeni kama wenzao: vinavimba na vinaweza kuvuja damu, ila damu hiyo haina pa kutokea. Msuli unaovizunguka unawashwa na kunenepa, na kizazi kizima kinakua kwa mviringo. Kwa kuwa utando wa ndani nao umepata eneo kubwa zaidi, na msuli haujikazi vizuri kuibana mishipa, damu ya hedhi inakuwa nyingi. Wanaopata ugonjwa huu zaidi ni wanawake wa miaka 35 hadi 50, hasa waliokwisha kuzaa, na wale ambao kizazi chao kiliwahi kupasuliwa au kusafishwa.

Wifi yangu ana miaka 43, watoto wawili, wa pili kwa upasuaji, na katikati hapo mimba moja iliharibika akasafishwa. Alinitumia picha ya majibu yake akiuliza, "Wifi, hii ndiyo fibroidi?" Hedhi yake ilikuwa imefika siku nane. Siku ya pili na ya tatu alikuwa akibadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, na mabonge yanatoka. Maumivu yalianza siku kadhaa kabla ya damu, yakishuka mgongoni na mapajani, na tendo la ndoa lilikuwa limeanza kumuuma kwa ndani. Himoglobini yake ilikuwa 7.8, na kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka isipungue 12. Hakuwa na homa wala uchafu ukeni. Sasa PID gani hiyo ya kutibiwa kila msimu?

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyekuwa amempima kwa mikono. Kipimo hiki hakihitaji mashine: vidole viwili ukeni, mkono wa pili juu ya kinena, na kizazi kinashikwa katikati. Cha kwake kilikuwa kimekua sawasawa pande zote, ukubwa wa mimba ya wiki kumi hivi, kinabonyea kidogo, na kilipobonyezwa aliruka. Kizazi chenye fibroidi, yaani uvimbe unaoota kwenye msuli wa kizazi, kwa kawaida ni kigumu, kina vinundu visivyolingana, na hakiumi hivyo. Kwa kawaida kizazi cha adenomiosisi pekee hakizidi ukubwa wa mimba ya wiki 12. Kikifika kitovuni, tafuta sababu nyingine pia. Magonjwa haya mawili hukaa pamoja mara nyingi, kwa hiyo kuiona fibroidi ndogo hakumalizi habari.

Alirudia ultrasaundi, safari hii kwa njia ya uke. Ile ya juu ya tumbo, ya kunywa maji mpaka kibofu kijae, ni rahisi kupitwa na mambo haya. Mpimaji aliona ukuta wa nyuma mnene kuliko wa mbele, vishimo vidogo vya maji ndani ya msuli, na mpaka kati ya utando na msuli umefifia. Hapo ndipo ugonjwa ulipoandikwa. MRI huonyesha vizuri zaidi, lakini ni ghali, na picha kama ile ikiambatana na dalili kama zake inatosha kuanza matibabu.

Nasisitiza tofauti na fibroidi kwa sababu ya kisu. Fibroidi ina mpaka wake, daktari anaweza kuikwanyua na kukiacha kizazi. Adenomiosisi imeingia kwenye nyama kama mafuta kwenye unga uliokwisha kukandwa. Mwanamke akipelekwa kutolewa uvimbe, kumbe ni hii, daktari anafungua hakuti pa kukwanyulia. Na wale wanaouza mitandaoni dawa za kuyeyusha uvimbe, kwenye ugonjwa huu hawana hata huo uvimbe wa kuyeyusha.

Wifi alianzishiwa vidonge vya madini ya chuma. Kwa siku za damu nyingi alipewa asidi ya traneksamiki, gramu moja mara tatu kwa siku, isizidi siku nne. Hupunguza damu, maumivu haiyagusi, na aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni hapewi. Kwa maumivu alipewa ibuprofeni, ianze mapema kabla hayajapanda. Mwenye vidonda vya tumbo aseme kwanza.

Kisha daktari akataja kitanzi, na wifi akakataa palepale. Shoga yake aliwekewa kitanzi akatokwa damu hadi akakitoa. Ni kweli kabisa, ila kile kilikuwa cha shaba, ambacho huongeza damu na maumivu. Kinachotibu adenomiosisi ni cha homoni ya levonojestreli, miligramu 52, inayotoka kidogokidogo ndani ya kizazi na kuufanya utando uwe mwembamba. Hapa nawalaumu wenzangu: tunasema "kitanzi" tu, halafu tunashangaa wanawake wakikimbia. Tunasahau pia kuwaambia kwamba miezi mitatu hadi sita ya mwanzo damu ya matone huja ovyo, na kwamba kwenye kizazi kikubwa kitanzi kinaweza kutoka chenyewe. Asiyejua hayo hukitoa mwezi wa pili akiamini kimeshindwa.

Wifi alipoielewa tofauti hiyo alikubali, na kabla ya kukiweka walichukua kipande cha utando kwenda maabara. Kwa mwenye zaidi ya miaka 45 na damu isiyo ya kawaida, au mdogo zaidi mwenye unene mkubwa, kisukari au damu ya katikati ya mwezi, kipimo hicho kisirukwe, maana saratani ya utando nayo huanza kwa damu. Cha wifi kilikuwa salama. Mwezi wa tano tangu awekewe kitanzi hedhi ilibaki ya siku tatu, nyepesi, na himoglobini ilifika 11.4. Kizazi bado ni kikubwa na kikibonyezwa bado kinauma kidogo.

Daktari alimweleza pia kuhusu kutoa kizazi, tiba pekee inayoumaliza ugonjwa moja kwa moja. Ovari zikiachwa, mwanamke haingii ukomo wa hedhi siku hiyo, ila kuzaa ndiyo basi. Wifi anasema atasubiri, kwa kuwa estrojeni ikishuka ukomo ukifika dalili hupoa zenyewe. Ni hesabu nzuri kwa mtu ambaye damu imeshadhibitiwa. Ambaye bado analowesha pedi kila saa kwa zaidi ya saa mbili, au anaona kizunguzungu akisimama, huyo aende hospitali usiku huohuo. Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, isiandikwe adenomiosisi kwa mazoea; ichunguzwe upya.