Mtu wa "evidence" ni nani?

Mpwa wangu wa Mwanga, hapa Kigoma, yuko mwaka wa kwanza chuoni ughaibuni. Juzi alinitumia aya ya insha yake kuhusu dagaa wa Kibirizi: "This essay will analysis the price. The author assume that boats go out every night. There are many evidences against this."

Maana ya kila neno aliijua. Alikariri orodha, neno la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia. Mimi napinga ukariri huo. Orodha ya maneno ya Kiingereza cha chuo inayotumika sana, aliyoitoa mtafiti wa lugha Averil Coxhead mwaka 2000, haihesabu maneno bali jamii za maneno, 570, na 60 za mwanzo ndizo zinazojirudia zaidi. "Analyse", "assume" na "evidence" zimo humo.

Jamii za maneno si ngeni kwetu. Nani alifundishwa kwamba anayechambua ni mchambuzi na kazi yake ni uchambuzi? Basi "analyse" ni kuchambua, "analysis" ni uchambuzi, "analyst" ni mchambuzi. Ila mkazo wa sauti huhama: ANalyse, aNAlysis, anaLYtical. Asiyeuandika daftarini atalijua neno kwa macho, mhadhiri akilitamka limpite.

Tukaketi na ile "assume", kwa simu. Nomino yake ni "assumption", ile p inaingia bila kubisha hodi. Faida yake inaonekana sentensi ya pili: "The author assumes that boats go out every night. This assumption is weak." Kitenzi kimeleta hoja, nomino imeiokota na kuipeleka mbele. Kwenye insha za chuo utakutana na mtindo huu kila ukurasa. Na dhana yenyewe ni dhaifu kweli, maana usiku wa mbalamwezi angavu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi mingi hubaki ufukweni.

"Evidence" ilikuwa rahisi. Hatusemi "maushahidi", tunasema ushahidi mwingi. Nayo haina wingi: "much evidence", au ukitaka kuhesabu, "a piece of evidence". Sentensi yake ikawa "There is strong evidence against this assumption."

Nikamwambia kila jamii ipate ukurasa wake: kitenzi, nomino, kivumishi, alama ya mkazo, maneno inayoandamana nayo, na sentensi moja kutoka kitabu cha somo lake. Jamii tatu kwa wiki. Zile 60 zitakwisha kwa wiki 20.

Siku mbili baadaye akaniuliza, "Mjomba, kama ushahidi una shahidi, mtu wa 'evidence' ni nani?"

Nikamwambia hayumo kwenye jamii hiyo. Anaitwa "witness", ukoo mwingine kabisa, na asithubutu kumuumba mwenyewe.




Kesho yake akaniandikia "evidencer".